Msiba bila mtani

Siku ya tisa baada ya Baba kuzikwa Songea, jamaa mmoja hapa maabara alitoa kichekesho, nikacheka mpaka machozi. Mara roho ikanisuta: mzee hajatimiza hata arobaini! Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi kama mwizi.

Jioni nikampigia dada simu. Kumbe wao walicheka siku ile ile ya mazishi. Sisi Wangoni watani wetu ni Wahehe, tangu vita vya mababu karne ya 19. Basi mama mmoja wa Kihehe alivaa koti la Baba, akatembea akichechemea vile vile kama yeye, akidai wote waliokopa walipe leo leo. Mama, ambaye alikuwa hajagusa chakula siku mbili, akacheka, halafu akaomba uji.

Hiyo ndiyo kazi ya mtani, ndugu zangu. Anakianzisha yeye kicheko, mbele ya wafiwa wote, kwa hiyo hakuna wa kukunyooshea kidole. Huku ughaibuni tunalia na simu chumbani, kicheko kinakuja chenyewe, hakuna aliyekiruhusu.

Yule mama alikuwa bado anadai kuku wake wa utani. Hela ya kuku nimetuma mimi.