Umesimulia, Hujachambua

Kuna maneno mawili ambayo walimu wa Historia huyapenda kuyaandika kwa wino mwekundu: "Umesimulia, hujachambua." Ukiyakuta kwenye karatasi yako unaishiwa nguvu, maana ulichokiandika ni kweli tupu. Kosa liko wapi sasa?

Swali hilo aliniuliza binti wa shangazi yangu, yuko kidato cha sita. Insha yake ilihusu sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. "Kaka, sababu zote tano nimeziweka," akasema. Na kweli alikuwa ameziweka: kodi, pamba, kazi za shuruti, ukatili wa maakida, na kupotea kwa uhuru. Kila moja na aya yake. Mwandiko safi, miaka sahihi.

Nikamwambia, "Hebu mdogo wangu, chukua aya ya tano uifanye ya kwanza. Ya pili iwe ya nne. Halafu soma."

Akasoma. Hakuna kilichoharibika. Hapo ndipo ugonjwa unapoonekana, ndugu msomaji. Insha ambayo aya zake unaweza kuzichanganya kama karata bila hoja kuyumba, hiyo ni orodha. Uchambuzi haukubali kuchanganywa, kwa sababu kila aya inasimama juu ya ile iliyotangulia.

Tukaanza na kodi. Aliandika kwamba Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, wananchi wakachukia, wakapigana. Mimi nikauliza: kodi ilitozwa wapi? Akajibu, "Koloni zima, tangu 1898." Vita vilipiganwa wapi? "Kusini na mashariki." Basi Wasambaa na Wanyamwezi, nao si walitozwa? Mbona hawakuinuka?

Akanyamaza kidogo. Swali hili ni dogo lakini lina meno. Sababu ambayo ipo penye vita na ipo pasipo na vita haiwezi peke yake kueleza kwa nini vita vilitokea hapa na si pale. Hiyo haina maana kwamba tuifute kodi. Kuni zikiwa nyumba zote za mtaa na moto ukawaka nyumba moja, kuni zimo katika habari hiyo, lakini tunatafuta kibiriti. Kwa hiyo kodi ikapewa cheo chake: ni chuki iliyokuwapo kila mahali, si cheche.

Tukachora mistari miwili kwenye daftari. Upande mmoja mahali palipoinuka: Umatumbi, na baadaye Ungoni. Upande mwingine mahali ambapo hapakuinuka: Usambara, Unyamwezi, na sehemu kubwa ya Uhehe. Halafu kila sababu tukaipitisha mbele ya mistari hiyo kama mtu anayepekuliwa getini.

Pamba ilipita vizuri mwanzoni. Kuanzia 1902 serikali ililazimisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za pwani na kusini. Watu wakalima chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, na malipo yakawa kiduchu. Kule Umatumbi, Julai 1905, vita vilianza kwa watu kung'oa pamba shambani. Ushahidi gani mwingine unautaka? Lakini tukifika Ungoni mambo yanageuka. Wangoni walijiunga mnamo Septemba 1905, na huko mpango ule wa pamba haukuwapo. Kumbe pamba inaeleza vita vilianzia wapi, haielezi vilisambaaje.

Uhehe nao wana somo lao. Walikwisha kupigana na Wajerumani tangu 1891 mpaka kifo cha Mkwawa 1898, wakaumia vibaya. Kwa hiyo "kupotea kwa uhuru" hakusukumi watu wote upande mmoja. Kwa mmoja ni sababu ya kupigana, kwa mwingine ni kumbukumbu inayomfanya akae kimya.

Kazi ya pili ni kuwapima mashahidi. Binti aliandika, "Inasemekana maji ya Kinjikitile yaliunganisha makabila." Inasemekana na nani? Tukawataja wawili. Wa kwanza ni Gavana von Götzen, aliyekuwa akitawala koloni wakati vita vinazuka, na ambaye kitabu chake kilitoka 1909. Yeye alitilia mkazo waganga na imani za ushirikina. Wa pili ni wazee waliohojiwa vijijini mwaka 1968, wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda kukusanya kumbukumbu zao.

Wengi hapa huteleza. Wanaandika, "Götzen alikuwa mkoloni, hivyo ni mwongo," wakidhani wamechambua. Huko ni kutukana shahidi, si kumpima. Kumpima ni kuuliza: alikuwa na faida gani kusema hivi, na ni jambo gani alikuwa na nafasi ya kulijua? Gavana akisema chanzo ni uganga, sera yake ya pamba inapona. Hapo tumtilie shaka. Lakini kuhusu tarehe ambazo askari walitumwa, ofisi yake ilikuwa na taarifa, na kudanganya hakukuwa na faida kubwa.

Wazee nao wapimwe vilevile, kwa heshima. Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa vita alikuwa na 78 alipohojiwa. Alihojiwa katika nchi huru, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, neno "umoja" likiwa katika kila hotuba. Kwa hiyo akisimulia nani alichapwa viboko shambani kwa jumbe, nina imani naye, alikuwapo. Akisema makabila yote yaliungana kwa nia moja, naenda polepole, maana hilo hakuliona kwa macho yake.

Baada ya hapo aya ya pamba ikaandikwa upya. Mwanzo ilikuwa: "Sababu ya pili ni pamba. Wajerumani waliwalazimisha wananchi kulima pamba kwa malipo kidogo. Hivyo walikasirika wakapigana." Sasa ikawa hivi:

"Pamba inaeleza mwanzo wa vita kuliko sababu nyingine yoyote, kwa kuwa kitendo cha kwanza Umatumbi kilikuwa kung'oa pamba, na wazee wa huko wanasimulia adha ya mashamba hayo kama watu walioiona. Hata hivyo haitoshi kueleza kuenea kwa vita, kwa sababu Ungoni hapakuwa na mpango huo. Kwa kuenea tunahitaji sababu nyingine, na ndiyo inayofuata: maji yenyewe, pamoja na hesabu ambayo kila eneo lilijifanyia."

Tazama sentensi ya mwisho. Aya hii haiwezi kuhamishwa tena, imeishika mkono ile ya maji.

Kitu kimoja kilimsumbua binti: sababu zake tano zilibaki tatu zenye uzito, nyingine zikawa sentensi moja moja. Aliona kama anapoteza maksi. Ni kweli, ukiwa na saa moja ya mtihani huwezi kupima kila kitu. Unachagua mbili au tatu uzipime kisawasawa.

Na hitimisho lake halikusema tena "sababu zilikuwa nyingi". Lilisema pamba iliwasha na maji yakasambaza. Kwamba sehemu ya kwanza ina ushahidi imara, na ya pili inaegemea zaidi kumbukumbu za baadaye, kwa hiyo inasemwa kwa sauti ya chini.