Majina Matatu, Mtu Mmoja

Mimi ni Chepkoech kwa sababu nilizaliwa alfajiri. Rono ni jina la baba. Faith ni la ubatizo. Nyumbani Litein hilo halisumbui mtu, lakini kwenye orodha ya machapisho ya kuombea ufadhili lilinikalisha siku mbili nzima.

Makala yangu ya 2017 yalitoka kwa jina Chepkoech, F. Ya 2020 ni Rono, F. C. Ya 2022, jarida lilipindua kila kitu nikawa Faith, R. Mama alichungulia laptopu akacheka: "Kwani nyinyi ni wangapi?"

Kishawishi ni kuyafanya yote Rono, F. C. ili orodha ipendeze. Usifanye hivyo. Anayekagua maombi atatafuta makala mtandaoni, na akikuta jina tofauti na uliloandika, atashuku kwamba umejipa kazi ya mwenzako. Nilitumia mtindo wa APA, na kinachofanana mstari hadi mstari ni umbo tu:

```
Chepkoech, F. (2017). Kichwa cha makala. Jina la jarida, 36(1), 12–19.
Rono, F. C. (2020). Kichwa cha makala. Jina la jarida, 39(2), 40–48.
```

Koma, nukta, mwaka kwenye mabano: hivyo ni vyako, viweke sawa. Jina, kichwa na mwaka ni vya chapisho, viache vilivyo. Majina yangu yote nikayakoleza wino, na juu ya orodha nikaandika sentensi moja: nimechapisha pia kama F. Chepkoech na R. Faith. Chini yake nikaweka namba yangu ya ORCID, tarakimu 16 ambazo hazibadiliki hata jina likibadilika.

Kanuni hiyohiyo inahusu chai yenyewe. Natafiti chai ya zambarau, TRFK 306. Herufi hizo zinatokana na wakfu wa utafiti wa chai ulioanzishwa Kericho 1980, ambao siku hizi ni taasisi iliyo chini ya KALRO. Ukiona TRFK kwenye kichwa cha makala, usijaribu kuisasisha. Haijakosewa.

Kukagua, usisome orodha kama hadithi. Shuka nayo kama mchumaji anayemaliza mstari mmoja kabla ya kuingia mwingine: kwanza miaka peke yake, kisha koma za majina, kisha herufi za mlazo za majarida. Hapo ndipo niliponasa mistari miwili niliyokuwa nimeinakili tu mtandaoni. Mmoja ulikuwa na mwaka mwishoni, mwingine ulikuwa na "na wenzake" badala ya majina ya waandishi wote.

Yalibaki makala mawili ambayo hayajatoka. Moja lina barua ya kukubaliwa, kwa hiyo liliingia likiwa na "linachapwa" mahali pa mwaka. La pili limetumwa tu, halijajibiwa. Hilo nililiweka chini kabisa, kwenye kichwa chake, nje ya hesabu. Kwa hiyo nilituma saba, si nane, ingawa fomu ilikuwa na nafasi ya kumi.