Bakuli au Ndoo

Kadi yangu ya ubatizo inasema nilizaliwa tarehe 5 Februari 1962. Mama alikataa hilo mpaka mwaka aliofariki. Kila nilipomwuliza alinijibu vilevile: "Mwanangu, jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama, na mwezi ulikuwa nusu, umesimama juu ya migomba, umeegemea kidogo upande wa mlima. Mkunga aliuona pamoja nami." Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari niliyefunzwa kuamini karatasi, nami niliiamini kadi. Nilipostaafu na kurudi kuishi hapa Kwa Sadala, ndipo nilipopata muda wa kumsikiliza, ingawa tayari alikuwa kaburini.

Aliyenirudisha kwenye neno lake ni unajimu, elimu ambayo sikuwahi kuifundisha wala kuiheshimu sana. Wasomaji wa rika langu wanamkumbuka marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyezifanya nyota ziwe mazungumzo ya kila nyumba. Kwake na magazetini tulijifunza kuuliza swali moja tu: nyota yako ni ipi? Kumbe lipo swali jingine, nalo haliulizi sayari zimekaa katika nyota gani, bali zimetawanyika vipi. Mmarekani Marc Edmund Jones alilifanyia kazi katika kitabu chake cha mwaka 1941, akayataja maumbo saba. Unachora duara la nyuzi 360, unaweka humo jua, mwezi na sayari nane kama zilivyokuwa siku ya kuzaliwa, kisha unarudi hatua moja nyuma na kutazama mahali palipo patupu.

Zikibanana zote ndani ya theluthi ya duara, hilo ni furushi. Zikienea lakini zisivuke nusu, ni bakuli: mtu aliyejaa vitu vyake mwenyewe, ajitegemeaye, na anayehisi daima kwamba kuna upande mwingine wa dunia ambao hakupewa. Zikigawanyika makundi mawili yanayotazamana, na kati yao nafasi tupu pande zote mbili, tabia yake ni ya kupima: mtu huyo hasemi ndiyo kabla hajaisikia hapana. Zikitapakaa duara zima, ni mwenye mengi: anajua kazi kumi, na hatari yake ni kutoimaliza hata moja.

Hapa wapenzi wa lugha waniruhusu nisimame kidogo, maana majina yalinisumbua kuliko nyuzi. Hayo makundi mawili yanayotazamana Jones aliyafananisha na ule ubao wa watoto, huku ukipanda kule unashuka. Kiswahili kina pembea, lakini wengi wakisikia pembea huona kamba na mti. Nilitaka kusema mizani, nikakuta Mizani ni nyota tayari. Umbo la kutapakaa nimeliita mmwagiko, kwa kuwa maji yaliyomwagika hayachagui pa kwenda. Lililobaki ni bakuli lililopata mshikio, yaani sayari zote upande mmoja na moja peke yake ng'ambo. Hilo kwa haki ni ndoo. Lakini Ndoo nayo ni nyota, ile ambayo wenye falaki huiita Dalu. Mtu anaweza kuwa na nyota ya Ndoo bila kuwa na umbo la ndoo, na mwalimu atakayefundisha jambo hili kwa Kiswahili ajiandae kwa mkanganyiko huo tangu somo la kwanza.

Mkanganyiko huo ndio hasa ulionikuta. Tarehe 5 Februari 1962 si siku ya kawaida angani. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi uliandama na jua likapatwa upande wa Pasifiki, na jua, mwezi, Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali vyote vilikuwa vimejikusanya katika nyota ya Ndoo, ndani ya nyuzi kama 16 tu. Nchini India watu walikusanyika kusali wakihofia mwisho wa dunia. Huku kwetu uhuru ulikuwa haujatimiza miezi miwili, na Mwalimu Nyerere alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu wiki mbili kabla.

Zilizobaki nje ya mkusanyiko ni tatu. Uranusi ilikuwa mwishoni mwa Simba, Pluto mwanzoni mwa Mashuke, na Neptuni katikati ya Nge. Hesabu kutoka Uranusi hadi ukingo wa mwisho wa ule mkusanyiko, utapata nyuzi kama 170. Ni pungufu kidogo ya nusu ya duara. Kwa hiyo mtoto wa kadi ni bakuli.

Sasa msogeze mtoto wiki moja mbele. Sayari za polepole hazijaondoka zilipokuwa. Zuhura imesogea nyuzi tisa hivi, na bakuli bado linashika, ingawa kwa shida. Kilichosafiri ni mwezi, ambao huenda nyuzi 12 hadi 15 kwa siku. Umetoka kwenye mkusanyiko, umevuka Samaki na Kondoo, na jioni ya tarehe 11 uko ndani ya Ng'ombe, katikati kabisa ya ile nusu tupu. Bakuli limepata mshikio.

Na mwezi wa jioni hiyo ulionekanaje kutoka hapa? Ulikuwa umefika robo ya kwanza. Mwezi wa robo ya kwanza huwa nusu, na jua linapozama wenyewe huwa juu, karibu na utosi. Kwa kuwa ulikuwa katika Ng'ombe, na sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, ulipita upande wa kaskazini wa utosi, yaani upande wa Kibo. Tarehe 5 hakuna aliyeuona mwezi wowote. Nilipofika hapo niliweka penseli chini, nikatoka nje nikasimama migombani.

Wanaofuata Jones husema mshikio wa ndoo ndio unaobeba uzito wote, na sayari iliyo pale hueleza mtu huyo anavutwa na nini. Mwezi ni mama, nyumba na wenyeji. Niliwahi kupewa ukuu wa shule mbali na hapa, nikaukataa kwa sababu Mama alikuwa peke yake. Wenzangu waliniona mtu asiye na hamu ya kupanda. Ningependa kuamini kwamba iliandikwa, lakini sijidanganyi. Maelfu walizaliwa na mshikio uleule wiki ile, na sidhani wote walikataa vyeo. Tena mnajimu wa jadi, ambaye falaki yake inajua sayari saba tu, angezifuta zile tatu za mbali. Mtoto wa kadi angekuwa furushi, wala si bakuli. Uranusi iligunduliwa mwaka 1781, Neptuni 1846, Pluto 1930. Umbo linalobadilika kwa kuongeza sayari tatu halina nguvu ya kumshika mtu mkono.

Hata hivyo duara lilinipa nilichokuwa sikukitafuta. Aliyeandika kadi hakuwepo usiku ule; ubatizo ulifanyika baadaye, naye aliandika alichoambiwa au alichokisia. Mama alikuwepo.

Kadi nimeiacha ilivyo, kwa kuwa pensheni yangu inaitegemea. Katika daftari nimechora duara la pili, sayari tisa kwa wino. Mwezi nimeuchora kwa penseli, maana Mama hakuwahi kuniambia ilikuwa jioni ya tarehe 11 au ya 12.