Mlango wa kulia ndio huohuo wa kushoto: komande iliyogombanisha watu Butembo

Hapa Butembo, jimboni Kivu Kaskazini, vyuma vingi vya milango vinatoka mbali, na mtu akikosea komande hawezi kurudi dukani kesho yake kubadilisha. Ndiyo maana habari ya mama mmoja mwenye duka la dawa imezungumzwa sana na mafundi wa mbao.

Mama huyo alitaka mlango mpya wa mbao nzito, upana wa sentimeta 90. Fundi alisimama nje, barabarani, akatazama: mlango utasukumwa kuingia ndani, na pomeli zitakuwa upande wa mkono wake wa kulia. Pomeli ni zile bawaba za vipande viwili, ambazo unaweza kuinua mlango ukatoka mzima. Akaandika kwenye karatasi: pomeli tatu za kulia. Mama akalipa avansi. Pomeli zilipofika, mlango ulikataa kukaa.

Maneno yakawa mengi. Fundi alimlaumu mfanyabiashara, mfanyabiashara akaonyesha karatasi: umeandika kulia, nimeleta za kulia. Kusema kweli, wote wawili walikuwa na haki. Fundi alihesabu akiwa nje, upande wa ufunguo, kama Wamarekani wanavyofanya. Kiwanda kilihesabu kwa desturi ya Wajerumani: unasimama upande ambao mlango unakujia ukiuvuta, pale vifundo vya bawaba vinapoonekana. Kwa mlango huu, upande huo ni ndani ya duka. Ingia ndani, geuka uutazame: pomeli zilezile sasa ziko kushoto kwako.

Wengine walisema, «Fundi, zigeuze tu juu chini.» Haisaidii. Pomeli ina kipande cha chini, kinachofungwa kwenye fremu, na kipande cha juu, kinachofungwa kwenye mlango na kukaa juu ya kile cha chini. Ukiipindua, kipande kilichokuwa juu kinashuka chini, lakini pia kinahamia upande wa pili. Kwa hiyo kipande cha chini kinabaki upande uleule wa zamani. Kwenye mlango wa mama, kingeangukia kwenye mbao badala ya fremu, na mlango ungekosa mahali pa kuketi. Bawaba za kawaida, zile ambazo msumari wake hautoki, hazina shida hii. Zinakubali pande zote mbili.

Fundi alikuwa na njia mbili za kutumia zile alizopewa. Ya kwanza ni kuhamisha pomeli kwenye nguzo nyingine ya fremu, lakini hapo mlango ungefungukia kwenye meza ya kuuzia. Ya pili ni kuufanya mlango ufungukie nje. Hapo vifundo vingebaki barabarani, machoni pa wezi, na mlango ungempiga mteja kwenye ngazi. Mama alikataa zote mbili, akaagiza upya. Usiku duka lilifungwa kwa mbao zilizopigiliwa, na mlinzi alilipwa kila asubuhi mpaka mzigo wa pili ulipofika.

Kitasa hakikuleta taabu. Ulimi wake una upande uliokatwa mshazari, na mshazari huo lazima ugonge fremu kwanza wakati mlango unajifunga. Ukikaa kinyume, ulimi unagota na mlango haufungi mpaka uzungushe mkono wa kitasa. Vitasa vingi vinaruhusu kuutoa ulimi na kuugeuza. Ni vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Kile chuma cha juu chenye mafuta ndani, kinachorudisha mlango wenyewe, mara nyingi kinakubali kulia na kushoto. Swali lake ni lingine: kitafungwa upande wa kusukuma au wa kuvuta? Duka hili linataka kikae ndani, mvua isikifikie, yaani upande wa kuvuta. Kwa upana wa sentimeta 90, na uzito usiozidi kilo 60, vipimo vya Ulaya vinataka nguvu namba 3.

Sasa fundi haandiki tena «kulia» peke yake. Karatasi ya pili ilikuwa hivi: «Nimesimama nje, upande wa ufunguo. Nasukuma mlango. Pomeli ziko kulia kwangu. Ukisimama ndani na kuvuta, ziko kushoto.» Chini akachora ukuta kwa mstari mmoja, mlango kwa mstari wa pili, na nusu duara kuonyesha unakopita, kisha akaandika «nje» na «ndani». Picha ya mchoro huo ilitumwa kwa simu, na muuzaji alijibu kwa picha ya pomeli yenyewe ikiwa imefunguliwa mezani, vifundo juu, kipande cha chini kikiwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo mama alipotoa pesa.

Zile tatu za kwanza hazikutupwa. Fundi alizichukua kwa nusu ya bei. Anatafuta mteja mwenye stoo inayofungukia nje, pomeli kulia.