Kamba ilipokaza

Siku Bosi alipopigana nilikuwa na simu sikioni. Mhariri alitaka kujua habari ya wachimbaji wadogo itamfikia saa ngapi, nami nilikuwa napita njia nyembamba ya Mgusu, nje kidogo ya mji wa Geita. Upande mmoja kulikuwa na viroba vya mawe vilivyopangwa hadi kifuani, upande mwingine makarasha yakisaga kwa kelele. Mbwa mwekundu alikuwa amelala kwenye kivuli cha viroba. Alipotuona alisimama. Halafu akageuza kichwa pembeni na kujilamba pua.

Nikajisemea, huyu hana shida. Nikaikunja kamba ya Bosi mara mbili mkononi, nikamvuta karibu na mguu wangu, tukaendelea mbele.

Hapo nilikosea mara mbili, na sikujua hata moja.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Kwa babu mbwa walikuwepo siku zote lakini hakuna aliyewahi kutembezwa. Walifuata ng'ombe hadi ngitili, wakarudi nao jioni, na mbwa wa mji mwingine wakitokea, wale wetu walizunguka. Nakumbuka vizuri: hawakuendeana uso kwa uso. Walipinda kama wanaokwepa shimo, wakanusa majani ambayo hayakuwa na chochote, mwishowe wakafikiana kwa ubavu na kunusana nyuma. Wakati mwingine walibweka sana na kukimbizana, lakini majeraha yalikuwa machache. Walikuwa na nafasi, na kila mmoja aliweza kuondoka.

Bosi wangu, mbwa wa kienyeji mwenye kifua kipana, hana nafasi hiyo. Ana kamba ya mita moja na nusu na mwenye kamba anayeongea na simu.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa ukimya. Hilo ndilo lililonishangaza nilipolikumbuka baadaye. Bosi alikuwa anahema, ulimi nje, kisha mdomo ukafungwa. Masikio yakaja mbele, akapunguza mwendo, uzito wote ukahamia miguu ya mbele. Mkia ukapanda juu ukiwa mgumu, ncha yake ikatikisika haraka haraka. Mimi niliuona ule mkia nikadhani anafurahi! Mwekundu naye akaganda, macho kwa macho. Labda sekunde mbili. Nikaivuta kamba kwa nguvu, na papo hapo wakarukiana.

Mwekundu alimkamata Bosi shavuni na hakuachia. Nilivuta. Bosi alilia, nikavuta tena, kisha nikapeleka mkono kwenye mkanda wa shingo, na Bosi, mbwa anayelala mlangoni kwangu, akageuka na kuning'ata. Hakujua ni mimi. Kwenye vurugu ile mkono ni kitu kingine tu kinachomgusa.

"Usivute, kijana! Utamchana!"

Alikuwa mzee mmoja mlinzi wa viroba, ambaye miaka ya nyuma alishika mbwa katika kampuni ya ulinzi. Alichota ndoo ya maji ya mwalo (sikutaka kujua yana nini) akammwagia mwekundu usoni. Hakuachia. Basi akaenda nyuma yake, akamshika mapaja yote mawili, juu karibu na kiuno, akayainua. Akaniamuru nifanye vilevile kwa Bosi, na nisirudi nyuma mpaka aseme. Tulisubiri hivyo kama watu wawili wenye matoroli. Mwekundu alipofungua taya apate kushika vizuri zaidi, mzee akasema "sasa", tukarudi nyuma kwa pamoja, tukizunguka kidogo pembeni ili mbwa wasipate kujikunja na kutuuma. Wangekuwa na mtu mmoja tu, aliniambia baadaye, angemfunga mmoja kwenye nguzo kwanza, kisha amvute mwingine miguu.

Kwenye shavu la Bosi niliona matundu mawili madogo, nikashukuru. Mzee hakushukuru. Jino huingia dogo na kuchana ndani, ngozi ikajifunga juu ya uchafu. Kweli, daktari wa mifugo aliponyoa manyoya alikuta mfuko chini ya ngozi unaoingia kidole. Mkono wangu niliuosha kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 15, nikaenda hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano za kichaa cha mbwa. Bosi alikuwa na chanjo, akaongezewa nyingine. Mwekundu hakuwa na kadi yoyote, akafungwa kwa mwenyewe siku 10. Mbwa aliyekuwa na kirusi kwenye mate siku ya kuuma huugua na kufa ndani ya siku hizo. Lakini sindano hazisubiri siku hizo ziishe, maana ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa mtu karibu hakuna anayepona. Siku ya kumi nilipita mwenyewe kumtazama. Alikuwa anakula ugali.

Nilikaa na yule mzee mara kadhaa baada ya hapo, yeye kwenye kigoda chake, mimi kwenye kiroba. Akanirudisha nyuma hatua kwa hatua. Mwekundu alipogeuza kichwa na kujilamba pua, hakuwa anatupuuza. Alikuwa anaomba tupite mbali. Mimi nikamletea Bosi uso kwa uso, kwenye njia isiyo na pa kukwepea. Na kamba? "Ukivuta kamba," alisema, "unamnyanyua kifua. Mwenzake anaona mbwa anayekuja juu. Wewe umemsemea maneno ambayo hakuyasema."

Siku hizi simu inabaki mfukoni. Kamba naiacha ilegee, ining'inie kama tumbo la mbuzi, na mfuko wangu wa kushoto unanuka dagaa wa Mwanza. Nikimwona mbwa kwa mbali, nauangalia mdomo wa Bosi. Ukiwa wazi, napinda barabara kwa mduara mpana, yeye upande wa nje, mimi katikati yao. Ukifungwa, nageuka palepale, namwekea dagaa puani, tunaondoka tulikotoka. Hapo bado anasikia. Akishaganda hasikii tena, wala dagaa haoni; hapo ninachoweza ni kuweka mguu wangu mbele ya macho yake na kutembea naye kwa mduara, bila kupiga kelele.

Mbwa asiye na kamba anayetufuata ni kazi nyingine. Huku kwetu ukiinama tu kama unaokota jiwe, mbwa wengi hukimbia. Bosi naye alikulia mtaani, nikiinama anachanganyikiwa, kwa hiyo namrushia yule mgeni konzi ya dagaa chini na tunaondoka wakati anaokota. Hili halifanyi kazi kwa jike mwenye watoto, wala kwenye kundi linalomfuata jike mwenye joto. Hao nawaona, nabadilisha njia.

Baada ya ugomvi Bosi alikaa nyumbani siku nne. Mzee alisema damu ya mbwa haipoi siku moja, na ukimtoa kesho yake, hata kuku atamwona adui.

Wiki ya saba tulipita tena Mgusu. Nilichagua upande wa makarasha, hatua kama thelathini kutoka viroba. Mwekundu alisimama. Bosi alifunga mdomo, nikasimama nami, kamba ikiwa imelegea, jasho likinitoka. Mwekundu akageuza kichwa pembeni. Safari hii nilimwelewa, nikageuka. Bosi alinifuata, akanusa majani ambayo hayakuwa na chochote, kisha ulimi ukatoka nje.

Mzee kwenye kigoda alinyanyua mkono.