Tovuti Iliyomfungia Msimamizi Wake

Nilikuwa nikiamini kwamba plagini ya ulinzi inamtambua mtu. Kumbe inachotambua ni anwani ya IP, na hata hiyo huenda si ya mtu aliye mbele yake. Hilo lilinikaa siku tovuti ya WordPress ya chama chetu cha akiba iliponikataa kwa madai kwamba nimekosea nywila mara nyingi, ilhali nilikuwa sijaiandika hata mara moja. Nikajaribu kwa data ya simu, kisha kwa Wi-Fi, jibu likawa lile lile. Mtandao ulibadilika, zuio halikubadilika. Basi kisa hakikuwa anwani yangu.

Nikaingia kwenye akaunti ya seva, nikafungua `wp-content/plugins`, nikalibadilisha jina folda la plagini hiyo kwa kuongeza `-zima` mwishoni. WordPress isipoiona faili ya plagini huiruka tu. Ukurasa wa kuingia ukanipokea, nami nikajisikia nimemaliza kazi.

Sasa naona furaha ile ilikuwa ya haraka. Kubadilisha jina la folda kunaizima plagini, lakini rekodi ya zuio inabaki kwenye hifadhidata, na plagini ikirudi inaikuta palepale. Kwa hiyo nikafungua phpMyAdmin, nikachukua nakala ya hifadhidata kwanza, kisha nikatazama jedwali la waliozuiwa. Mlikuwa na mstari mmoja tu, wenye anwani ya seva yenyewe. Mbele ya tovuti, kwenye seva hiyo hiyo, palikuwa na proksi, na plagini ilimwona kila mgeni kwa anwani ya proksi hiyo. Mtu mmoja asiyejulikana alibahatisha nywila, sote tukafungiwa.

Nikafuta mstari ule, nikarudisha jina la folda, nikaiwasha plagini nikiwa bado nimo ndani, kwa kuwa hii yangu huzuia kuingia tu, haimtoi aliyekwisha kuingia. Kisha nikaielekeza isome anwani ya mgeni kwenye `X-Forwarded-For`.

Asiyeweza kuzifikia faili anaweza kuzima plagini zote kwa hifadhidata, akihakikisha kwanza kiambishi cha majedwali kwa kutazama majina yake katika phpMyAdmin, maana si lazima kiwe `wp_`:

```
UPDATE wp_options SET option_value = 'a:0:{}'
WHERE option_name = 'active_plugins';
```

Mpangilio ule wa kusoma anwani ya mgeni bado unanifikirisha. Yeyote anaweza kujiandikia `X-Forwarded-For` ya uongo, na plagini ikiiamini bila masharti, mbahatishaji atabadilisha anwani kila mara asizuiwe kamwe. Ndiyo maana niliorodhesha anwani ya proksi kuwa ndiyo pekee ya kuaminiwa. Na nywila ya akaunti ya seva, iliyoniruhusu kuupita ulinzi wote kwa kubadilisha jina moja, nilikuwa nimeiachia kivinjari kikumbuke. Nimeibadilisha, nikawasha na uthibitisho wa hatua mbili.