Kalibu Finyu, Hariri Isiyo Hariri

Huku Kariandusi, kati ya Gilgil na ziwa Elementaita, vumbi lina rangi yake. Machimbo ya dayatomaiti yapo karibu nasi. Ni udongo mweupe, mwepesi kama unga, uliotokana na mabaki ya viumbe vidogo mno vya ziwa la kale. Upepo wa Januari ukivuma, baibui jeusi lililotoka kabatini asubuhi huwa limenyunyizwa majivu kabla ya adhuhuri. Basi tulipoamua, wanawake wanne wa nyumba jirani, kuagiza mabaibui ya Kituruki kwa fedha za chama chetu, swali letu la kwanza halikuwa bei. Tulitaka kujua kitambaa kile kitaishije na vumbi hili, na pia kama kitasitiri.

Muuzaji ni mwanamke mwenye duka dogo Istanbul. Alitutumia picha kwa simu pamoja na kiungo cha ukurasa wake, ambako wateja wake wa Uturuki wameandika maoni zaidi ya mia mbili. Mteja wa Uturuki akinunua kwa mtandao ana siku 14 za kurudisha alichonunua bila hata kutoa sababu. Sisi hatuna anasa hiyo, kwa kuwa nauli ya kurudisha furushi kutoka Nakuru hadi Istanbul ingekula thamani ya nguo yenyewe. Kwa hivyo ilitubidi tuyasome maoni ya wenzetu kwa makini kuliko wao walivyoyaandika.

Nilibonyeza kitufe cha kutafsiri kwa Kiswahili, na maajabu yakaanza. Mmoja alisema nguo ni nzuri ila «ukungu wake ni mwembamba». Mwingine akashauri, «chukueni mwili mmoja mkubwa zaidi». Wa tatu aliandika kwamba alipoliona baibui «alizimia», na wa nne kwamba kitambaa «kinasimamia». Wifi yangu alishtuka kwa huo ukungu. Nguo ina kuvu, na watu wanaisifu?

Hapo ndipo nilipoyarejea maneno yenyewe ya Kituruki, maana chini ya kila tafsiri pana kitufe cha kuonyesha maandishi ya asili. Palipoandikwa ukungu pana neno kalıp. Nikampigia simu khaloo yangu wa Mombasa, aliyeshona kanzu Mji wa Kale tangu ujana wake, nikamsomea.

«Mwanangu,» akasema, «hilo si kalibu? Kalibu ya kumiminia shaba, kalibu ya kukatia nguo. Anakwambia mkato ni finyu.»

Ndivyo ilivyo. Waturuki wamelichukua neno hilo kwa Waarabu kama tulivyolichukua sisi. Ila tafsiri ya simu haikupita njia ya Waarabu. Ilipita kwa Kiingereza, ambako neno moja hubeba maana ya kalibu na ya kuvu pia, ikatuletea kuvu. Na ule «mwili mmoja mkubwa» ni beden, badani yetu ya kanzu, ambalo kwa Waturuki ni mwili na pia ni saizi ya nguo. Maoni yote mawili yalikuwa yakisema jambo moja: nguo imekatwa finyu, agiza saizi moja juu ya ile uliyozoea. Aliyezimia, bayıldım, hakupatwa na maradhi. Ndivyo Mturuki asemavyo akipendezwa mno. Na kile kitambaa kinachosimamia ni idare eder, kutoka shina lile lile la idara. Maana yake ni kwamba kinavumilika tu, si kibaya wala si cha kusifiwa. Mwandishi wake alikuwa ametoa nyota nne.

Tangu hapo niliacha kuhesabu nyota. Kuna aliyetoa tano na kuandika kwamba ni nzuri sana lakini «iade ettim», yaani ameirudisha. Wengi wa wenye nyota tano waliandika siku ile ile furushi lilipofunguliwa, na baadhi yao walikiri «henüz giymedim», kwamba hawajaivaa bado. Maoni ya mtu ambaye hajavaa yanahusu mfuko na karatasi, si nguo. Nikatafuta penye neno yıkadım, «nimefua». Kati ya mia mbili na zaidi nikapata kumi na tisa. Hao ndio niliowasoma mara mbili mbili.

Katika hao, jambo la sitara lilitegemea herufi moja. Kiswahili chetu hukanusha mwanzoni mwa neno, nacho Kituruki hukanusha katikati yake. «İçini gösteriyor» ni kusema nguo inaonyesha kilichomo ndani. «İçini göstermiyor» ni kusema haionyeshi. Tofauti ni ile m iliyojificha baada ya r. Kwa kawaida tafsiri huipata sawasawa, lakini watu huandika kwa haraka, huacha herufi na kuunganisha maneno, na hapo simu hukisia. Kwa neno zito kama hili sikukubali kukisiwa. Niliyapitia maoni yote ya sitara kwa macho yangu, nikitafuta m. Wanaosema haionyeshi walikuwa wengi. Watatu walisema inaonyesha, na wote watatu walikuwa wamenunua rangi ya krimu. Kwa hiyo kasoro ilikuwa ya rangi ile, si ya kitambaa chote.

Jina la kitambaa lilitaka uangalifu wake pia. Kinaitwa Medine ipeği, na simu huandika «hariri ya Madina». Mama mkwe wangu alilipenda jina hilo kabla hajakigusa kitambaa. Si hariri, wala sikuona dalili kwamba kinatoka Madina. Ni jina la kibiashara, na chini ya picha, kwa herufi ndogo, pameandikwa «%100 polyester». Poliesta si aibu. Haikunjamani, hukauka upesi, na huanguka vizuri mwilini. Lakini katika hewa kavu, ikisuguana na nguo ya ndani, hujaa umeme tuli na kuvuta vumbi. Nikatafuta neno toz, ambalo ndilo vumbi kwa Kituruki. Wateja saba walisema «toz tutuyor», kwamba nguo inashika vumbi, na sita kati yao walinunua nyeusi. Ikiwa vumbi la mji wa Konya linaonekana juu yake, la Kariandusi litafanyaje? Tukaiacha nyeusi, na krimu tulikwisha kuiacha kwa sababu ya sitara. Ikabaki ile ya kahawia iliyochanganyika na kijivu.

Ikaja saizi. Waturuki wana desturi njema ya kutaja kimo na uzito wao. Mmoja aliandika kuwa kimo chake ni sentimita 165, uzito kilo 72, kwamba huvaa 42 lakini alichukua 44 ikamkaa sawa. Wengine wawili wenye miili kama yake walisema vivyo hivyo. Hapa inafaa kulitazama neno boy, ambalo ni kimo cha mtu na pia urefu wa nguo. «Boyum» ni kimo changu. «Boyu» ni urefu wake, yaani wa nguo. Tafsiri huandika «urefu» kwa yote mawili, na msomaji asiyetazama ile m ya mwisho ataudhania urefu wa baibui kuwa ni wa mwanamke.

Wakati huo muuzaji alikwisha kutuandikia. Alisema anauza kwa seri, nguo nne za saizi zinazofuatana, na alipendekeza 38 hadi 44, nyeusi. Ilibidi tumjibu kwamba hatuzitaki alizopendekeza, na tumwulize maswali, bila kumkwaza. Wifi yangu akaandika jibu la kwanza, la adabu zetu zote: salamu mistari mitatu, kuulizia watoto, kisha «usituchoke dada yetu, tutakusumbua kidogo». Tukalitafsiri kwa Kituruki, na kabla ya kulituma tukalirudisha kwa Kiswahili tuone limefikaje. Lilirudi likisema, «Usituchoshe, dada. Tutakusumbua.»

Tulicheka, kisha tukaandika upya. Kila sentensi ikabeba jambo moja, mtendaji wake akatajwa waziwazi, na misemo tukaiacha nyumbani. Lakini adabu hatukuiacha; tuliivaa ya kwao. Mturuki humwambia aliye kazini «kolay gelsin», kazi iwe nyepesi, na hiyo si mbali na pole na kazi yetu. Jina la mwanamke usiyemzoea hufuatwa na Hanım, nalo huja baada ya jina lake la kwanza, halitangulii. Na Kituruki kina wewe mbili: sen ya mtoto na rafiki, na siz ya heshima. Kiswahili hakitenganishi hivyo, wala Kiingereza kilichosimama katikati. Simu inaweza kukuandikia «gönderebilir misin», unaweza kunitumia, kana kwamba unamtuma mdogo wako. Tulihakikisha kila ombi limeishia kwa «misiniz». Tulipoikosa tukaiongeza kwa mkono.

Jibu lilikuwa hili, kwa Kiswahili chake:

«Selamün aleyküm, kolay gelsin. Tumepokea ujumbe wako. Asante. Tumependa mabaibui yako. Tumesoma maoni ya wateja wako. Wateja wengi wanasema saizi ni finyu. Kwa hiyo tunaomba saizi 42, 44, 46 na 48. Tunaomba rangi ya vizon. Hatutachukua rangi nyeusi, kwa sababu mji wetu una vumbi jeupe. Je, unaweza kulaza saizi 44 mezani na kupima upana wa kifua? Je, unaweza kupima urefu kutoka bega hadi chini? Je, unaweza kututumia picha ya kitambaa mbele ya dirisha lenye jua? Tutalipa baada ya kupata vipimo. Teşekkür ederiz, iyi çalışmalar.»

Neno vizon ni jina la ile kahawia ya kijivu. Tuliliacha kama lilivyo kwenye ukurasa wake, kwa kuwa likitafsiriwa linageuka kuwa mnyama wa manyoya.

Alijibu kabla ya magharibi. Picha ya kwanza ilionyesha utepe wa kupimia juu ya kifua cha nguo: sentimita 54, ambazo ukizirudia ni 108 kuzunguka mwili. Kifua cha wifi yangu ni 100, hivyo zinabaki nane za kupumulia na kuvaa sweta asubuhi za baridi. Urefu ulikuwa 140. Picha ya pili ilionyesha mkono wake nyuma ya kitambaa, dirishani penye jua kali, na kivuli cha vidole hakikuonekana. Chini yake aliandika kwamba seri ya 42 hadi 48 anayo, ila ya vizon imebaki moja, na angetuwekea hadi Ijumaa.